Kumbukumbu za mapitio ya menejimenti: maswali na majibu

Mkaguzi wa nje amesema kumbukumbu zetu hazioneshi uamuzi wowote. Kila ajenda tumeandika "iliwasilishwa na kujadiliwa". Kosa liko wapi?

Kifungu 9.3 cha ISO 9001:2015, kiwango cha mifumo ya usimamizi wa ubora, kina pande mbili. Kifungu 9.3.2 kinataja mambo yanayoletwa kikaoni, yakiwemo matokeo ya ukaguzi, maoni ya wateja, hali ya hatua za kurekebisha na utoshelevu wa rasilimali. Kifungu 9.3.3 kinataka maamuzi na hatua kuhusu fursa za kuboresha, mabadiliko yanayohitajika kwenye mfumo, na mahitaji ya rasilimali. "Ilijadiliwa" inathibitisha upande wa kwanza tu. Hata mkiamua kutobadilisha chochote, huo nao ni uamuzi: uandikeni pamoja na sababu yake.

Robo ya kwanza tulipokea malalamiko 6, ya pili 9. Lakini chupa tulizouza zilipanda kutoka 300,000 hadi 600,000. Meneja anataka iandikwe kwamba hali imeboreka. Ni sawa?

Kwa jumla ana hoja. Malalamiko 6 kwa chupa 300,000 ni 2 kwa kila chupa 100,000, na 9 kwa chupa 600,000 ni 1.5. Kabla ya kuandika sentensi hiyo, yagawanyeni malalamiko kwa aina. Tuseme ya vifuniko kuvuja yalikuwa 2 katika robo ya kwanza na 7 katika ya pili. Hapo uvujaji umetoka takriban 0.7 hadi 1.2 kwa kila chupa 100,000. Jumla imeshuka, ila tatizo moja limekua chini yake, na hilo ndilo kikao kinapaswa kulitolea uamuzi. Wekeni kwenye kumbukumbu idadi, kiwango na mgawanyo kwa pamoja. Idadi peke yake inatisha bure. Kiwango peke yake kinaficha.

Ni kweli, mengi ni ya kuvuja. Hatua ya kurekebisha ilifungwa Aprili baada ya waendesha mashine kupewa mafunzo. Tuifungue upya au tuanzishe nyingine?

Kiwango cha ISO hakiwalazimishi njia mojawapo. Kinachotakiwa ni kuonesha kwamba mlipima kama hatua ilifaa, na kumbukumbu ziseme wazi kwamba haikufaa. Wengi hufunga hatua kwa karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mafunzo yalifanyika, haithibitishi kwamba vifuniko vimeacha kuvuja. Kwa maoni yetu ni bora kuanzisha hatua mpya inayotaja namba ya ile ya zamani, ili historia isifutike.

Kisha someni taarifa ya ukaguzi wa ndani sambamba na malalamiko. Mara nyingi mambo haya huwasilishwa na watu wawili tofauti, na hakuna anayeyaunganisha. Mathalani, ikiwa ukaguzi wa Juni ulikuta kipima nguvu ya kukaza vifuniko kimepitwa na muda wa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo sanifu, tangu Machi, basi waendesha mashine huenda walikaza vizuri kabisa kwa kufuata kipimo kinachodanganya. Msikimbilie kuandika kwamba chanzo kimepatikana. Agizeni kipima kifanyiwe ugezi, na kabla hakijarekebishwa, iandikwe kilikuwa kinakosea kwa kiasi gani. Kikikutwa kimekosea, kifungu 7.1.5.2 kinawataka mchunguze kama vipimo vya nyuma bado vinaaminika. Kwa hiyo chupa za akiba za kila toleo tangu Machi zipimwe tena. Kikikutwa sahihi, tafuteni kwingine: labda kwenye vifuniko vya msambazaji au kwenye mashine yenyewe.

Mkurugenzi alikubali kwa mdomo kununua kipima cha pili. Inatosha kuandika "menejimenti itatoa rasilimali"?

Haitoshi, kwa kuwa kikao kijacho hakitakuwa na cha kufuatilia. Andikeni hivi:

"Uamuzi 4. Kinunuliwe kipima cha pili cha nguvu ya kukaza vifuniko, ili uzalishaji usiendelee na kipima kilichopitwa na muda wakati cha kwanza kiko kwenye ugezi. Mhusika: meneja wa uzalishaji. Mwisho: 30 Septemba. Fedha: bajeti ya matengenezo. Mafanikio: malalamiko ya kuvuja yasizidi 0.5 kwa kila chupa 100,000 kwa robo mbili mfululizo. Mhakiki: meneja wa ubora."

Mhusika na mhakiki wasiwe mtu mmoja. Na kama ombi limekataliwa, andikeni hivyo, pamoja na namna hatari iliyobaki itakavyodhibitiwa.

Ni lazima kikao kiwe mara moja kwa mwaka, na lazima mkurugenzi asaini?

Kiwango kinasema vipindi vilivyopangwa, hakitaji mwaka. Sahihi nayo hakiidai. Kinachodaiwa ni uongozi wa juu ndio ufanye mapitio, kwa hiyo orodha ya waliohudhuria ioneshe kwamba ulikuwepo.