Usisubiri saa kumi na moja ya siku ya mwisho

Wadogo zangu mnaomaliza mkataba mwezi huu, jana nimemwona mwenzenu mmoja saa kumi na nusu jioni, kadi ya mlangoni keshairudisha, anasambaza barua pepe mojamoja kwenda kwenye anwani yake ya nyumbani. Alikuwa amefika ya arobaini hivi, na bado alikuwa na ujumbe wa miaka mitatu wa kupitia. Saa kumi na moja kamili skrini ikamwambia nenosiri si sahihi. Akaliandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Hakuwa amekosea. Akaunti ilikuwa imeshafungwa, kwa sababu watu wa TEHAMA walipewa tarehe na saa, nao waliifuata.

Kila mwaka naliona jambo hili, na kila mwaka linaniuma, maana mimi mwenyewe lilinipata kwa njia mbaya zaidi. Basi leo nakaa chini niwaandikie.

1. Jueni sanduku linakwenda wapi mkishatoka. Kwanza huzuiwa kuingia, kisha simu nayo hukatwa; kama uliisajili simu yako kwenye mfumo wa ofisi, wanaweza kufuta upande wa kazi wakiwa mbali. Baada ya hapo ofisi nyingi zinazotumia Microsoft 365 huligeuza sanduku kuwa la pamoja ili bosi au mrithi wako asome barua za wateja. Ndiyo, na zako zote zilizomo humo. Wasipoligeuza, wanaiondoa leseni au wanaifuta akaunti, na hapo siku 30 zinaanza kuhesabiwa. Kwenye Google Workspace akaunti iliyofutwa inaweza kurudishwa ndani ya siku 20. Ndani ya siku hizo ukimpigia adimini simu kwa adabu anaweza kukusaidia. Zikipita, hata yeye hana pa kutafuta. Kuna wakati ofisi huzuia sanduku lisifutwe kwa sababu ya kesi au ukaguzi, lakini hilo huhifadhiwa kwa ajili ya wanasheria, si kwa ajili yako.

2. Msitegemee kanuni ya kusambaza barua kiotomatiki. Ndiyo hila ambayo kila mgeni anadhani ameigundua yeye. Haigusi barua za zamani hata moja, inashughulika na zile zinazoingia tu. Na kwenye Microsoft 365 usambazaji wa kiotomatiki kwenda nje ya ofisi umezuiwa tangu mwanzo, mpaka adimini auruhusu. Utaona ujumbe umerudi ukiwa na `550 5.7.520 Access denied`, na watu wa usalama nao wataona kwamba ulijaribu. Wiki ya kuaga si wiki ya kuitwa kujieleza.

3. Kuhamisha kwenda faili la PST, yaani faili ambalo Outlook huwekea nakala ya barua zako. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Miaka ya 2017 na 2018 nilikuwa nikimwandikia shangazi yangu kumuuliza habari za ukoo wetu. Nilikuwa namwandikia mchana, wakati wa mapumziko, kwa anwani ya kazini kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeifungua. Yeye alikuwa akimsimulia mjukuu wake, mjukuu anaandika. Majibu yalikuwa marefu: nani alizaa na nani, nani alihama na kwa nini, jina gani lilibadilishwa na lilikuwa nani mwanzo. Nilikuwa nikisoma, nafurahi, naacha hapohapo kwenye sanduku. Shangazi alifariki 2019.

Niliondoka kazini Juni 2021. Mimi sikuwa wa kusambaza mojamoja, nilijiona ninajua. Wiki moja kabla nilifungua Outlook ya kwenye kompyuta, nikaenda `File`, `Open & Export`, `Import/Export`, nikachagua kuhamisha kwenda faili la `.pst`, nikaweka sanduku zima. Likatoka faili la megabaiti 640. Nikalifungua kuangalia, nikaona barua za wiki ile zipo na viambatisho vyake vipo, nikaliweka kwenye diski ya nje. Nikaaga watu kwa moyo mweupe.

Miezi minne baadaye binamu yangu akaniomba majina ya upande wa bibi. Nikafungua faili, nikaandika jina la shangazi kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna kitu. Nikajaribu jina la mjukuu. Hakuna. Nikapanga barua kwa tarehe, nikashuka mpaka chini kabisa, na ujumbe wa zamani kuliko wote ulikuwa wa Juni 2020. Mwaka mmoja kamili. Nilikaa nikiitazama ile tarehe, kwa sababu mwaka kamili hauji kwa bahati.

Sababu ni hii. Outlook hiyo haifanyi kazi moja kwa moja kwenye seva. Inaweka nakala ya sanduku ndani ya kompyuta yako, na mara nyingi imepangwa kuweka barua za mwaka 1 tu, ili diski isijae. Zilizobaki ziko kwenye seva. Unapohamisha kwenda PST, inahamisha kilichomo kwenye ile nakala tu, wala haikupi onyo lolote. Kilichonidanganya ni kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikimtafuta shangazi na barua zake zinatokea, kwa sababu kutafuta kunafika mpaka kwenye seva. Nikaamini zimo ndani ya kompyuta. Hazikuwahi kuwemo.

Niliwapigia watu wa TEHAMA. Kijana aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaenda kuangalia, akarudi akaniambia leseni yangu iliondolewa wiki ile ile niliyotoka, na siku 30 zilikwisha Julai. Sikuwa na wa kumlaumu. Walifanya kazi yao.

Basi sikilizeni namna ya kujua kama mmeshanaswa. Fungua folda yoyote, shuka mpaka mwisho wa orodha. Ukikuta maneno `There are more items in this folder on the server`, nakala yako haijakamilika. Njia ya uhakika zaidi: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda, ingia `Properties`, kisha `Folder Size`. Utaona vichupo viwili, `Local Data` na `Server Data`. Linganisha ukubwa. Cha seva kikiwa kikubwa kuliko cha kompyuta kwa mbali, usihamishe bado.

Kurekebisha: `File`, `Account Settings`, chagua akaunti, bonyeza `Change`, na ule mtelezo wa muda wa barua za kuhifadhi usukume mpaka `All`. Funga Outlook, ifungue tena, uiache ishushe. Sanduku la miaka mingi linaweza kuchukua usiku kucha, ndiyo maana nasema msisubiri siku ya mwisho. Chini ya dirisha yakitokea maneno `All folders are up to date`, rudi kwenye vile vichupo viwili ulinganishe upya.

Na usihamishe sanduku zima kama nilivyofanya mimi. Barua za kazi ni mali ya ofisi. Ukibeba orodha za wateja na mikataba, unaweza kujikuta kwenye kesi kwa ajili ya kitu usichokihitaji. Tengeneza folda moja, iite `Binafsi`, sogeza humo barua za ndugu, za daktari wako, za benki, barua za kukusifu kazi ambazo hazina siri ya mtu, kisha hamisha folda hiyo peke yake. Kama huna hakika barua fulani ni ya nani, muulize bosi.

Faili likishatoka, lifungue kwenye kompyuta nyingine, na kitu cha kwanza kutafuta kiwe barua ya zamani kuliko zote, si ya jana. Mimi niliangalia za jana. Zile ambazo kweli huwezi kuzipoteza, zihifadhi pia mojamoja kama PDF, lakini viambatisho vipakue pembeni, maana PDF haivibebi.

4. Walioko vyuoni, wengi mko kwenye Gmail. Nendeni `takeout.google.com`. Mkifika kwenye Mail, bonyezeni `All Mail data included`, ondoeni alama ya kuchukua kila kitu na mchague lebo yenu ya binafsi tu. Itatoka faili la `.mbox` ambalo Thunderbird inaweza kulisoma kwa msaada wa kiongezi cha ImportExportTools NG. Kosa ninaloliona hapa kila mahafali ni hili: mtu anaomba faili siku ya mwisho, Google inachukua saa au siku kulitayarisha, kisha kiungo cha kupakua kinatumwa kwenye sanduku lilelile ambalo chuo kimeshalifunga. Vyuo vingine pia huruhusu `takeout.google.com/transfer`, inayonakili barua na faili za Drive moja kwa moja kwenda akaunti yako nyingine ya Google. Adimini anaweza kuwa amezifunga njia zote mbili, hivyo jaribuni mwezi mmoja kabla, si kesho yake.

Jambo moja zaidi la Gmail: kiambatisho kikubwa mara nyingi si kiambatisho, ni kiungo cha Drive. Barua utaiokoa na kiungo utakiona, lakini faili lenyewe ni la akaunti ya aliyelituma. Akaunti yake ikifutwa, kiungo kinafunguka patupu. Fungueni viungo hivyo mkiwa bado ndani, mpakue.

5. Badilisheni anwani kwenye kila huduma mliyojisajili kwa barua pepe ya kazi, kabla hamjahitaji kurejesha nenosiri. Msimbo utatumwa kwenye sanduku msiloweza kulifungua tena.

6. Kama mmeshachelewa, waulizeni mliokuwa mkiandikiana nao. Barua ina upande wa pili, na upande huo haukufungwa siku mlipotoka. Mjukuu wa shangazi alikuwa amepoteza simu na akaunti yake, kwa hiyo kwake sikupata kitu. Lakini kaka yangu alinikumbusha kwamba nilikuwa na tabia ya kumpelekea majibu yaliyonifurahisha. Alitafuta kwenye sanduku lake jioni moja, akapata 3. Moja kati ya hizo ina majina ya upande wa bibi, yote, hadi kizazi cha tano. Zilizopotea zilikuwa zaidi ya ishirini.