Hakuombi, Yuwakupa

Swali la wiki: "Tupe neno moja la Kiswahili lililotoka Kiarabu ambalo maana yake ya leo si ile lililokuja nayo. Lilibadilika vipi?"

Neno langu ni tafadhali. Kisa chake nilikiona kwa macho yangu nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa.

Ulikuwa msimu wa kaskazi na majahazi ya Uarabuni yalikuwa yametia nanga bandari ya kale. Baharia mmoja wa kutoka Sur, Oman, alikuja nyumbani kumletea babu salamu na mkebe wa halua ya Maskati. Babu alikuwa ndani akitawadha, kwa hivyo bibi ndiye aliyempokea. Mgeni akaketi, akafungua mkebe, akausogeza mbele ya bibi, akasema: "Tafaddhali."

Bibi akamtazama. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na dua tu, lakini neno hilo alilijua vizuri: mtu anaomba kitu. Akainuka akamletea maji. Mgeni akanywa kwa adabu, akausogeza tena mkebe: "Tafaddhali." Bibi akaenda akaleta kijiko. Mara ya tatu akaleta sahani, akamkatia halua yake mwenyewe kipande kikubwa, akampa. Yule bwana sasa amekuwa mwekundu, mkono kifuani, anasema tafaddhali kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza. Bibi akapaza sauti kuelekea ndani: "Ndoo umsikize mgeni wako, yuwaniomba kitu na simwelewi!"

Babu akatoka akijipangusa mikono, akaangalia mkebe, sahani, kijiko na gilasi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hakuombi," akamwambia. "Yuwakupa."

Maneno hayo mawili ndiyo jibu langu. Yaliyobaki ni maelezo.

Kwa Mwarabu, tafaddhal ni neno la mwenye mkono uliojaa. Mwenyeji humwambia mgeni mlangoni, na maana yake ingia. Humwambia mbele ya kiti, na maana yake keti. Humwambia mbele ya sinia, na maana yake kula. Muuza duka akikupa chenji yako anaweza kukuambia tafaddhal, yaani hii hapa, shika. Anayeomba hutumia maneno mengine: humwambia mwanamume min fadhlak na mwanamke min fadhlik, yaani "kutokana na fadhila zako". Kwa hiyo wenzetu wana maneno mawili ya mzizi mmoja, moja la kutoa na moja la kutaka. Sisi tulichukua lile la kutoa, tukalitumia kutaka.

Mzizi wenyewe ni herufi tatu, fa, dhad na lam, na maana yake ya chini kabisa ni kuzidi au kubakia. Mwarabu anaposema fadhla anaweza kuwa anazungumzia mabaki tu, kilichobaki baada ya haja kutimia. Kutoka hapo ikaja fadhl, wema ambao mtu anautoa si kwa kuwa amelazimika bali kwa kuwa anacho cha ziada. Kisha kikatoka kitendo tafaddhala, kufanya wema huo kwa hiari yako, kukubali kwa ukarimu wako. Sasa angalia adabu iliyofichika humo. Mwenyeji anayekwambia tafaddhal anajifanya kwamba wewe, ukiingia na kula chakula chake, ndiye unayemfanyia hisani. Yeye ndiye anayetoa, lakini anazungumza kama anayeomba.

Hapo ndipo mlango ulipobaki wazi. Mtu asiyekijua Kiarabu, akisikia neno linalomaanisha "fanya hisani", hana sababu ya kudhani kwamba linafaa tu pale hisani inapomrudia yule anayeambiwa. "Fanya hisani uingie" na "fanya hisani unipishe" ni sentensi za umbo moja. Waarabu walilifunga neno upande mmoja kwa mazoea, na mazoea si kitu kinachopakiwa jahazini pamoja na tende.

Lakini kwa nini lisitumike pande zote mbili? Kwa nini Mswahili hasemi tafadhali mlangoni? Maoni yangu ni kwamba mlangoni palikuwa pameshakaliwa. Tunayo karibu, ambayo nayo ni ya Kiarabu, kutoka qarib, kitu kilicho karibu. Kwetu karibu inafanya kazi zote za mwenyeji: karibu ndani, karibu kiti, karibu chakula. Hata muuza kahawa wa barazani akikunyoshea kikombe hakuambii tafadhali, hukuambia karibu. Neno likishafanyiwa kazi yake na jingine, ama hufa ama hutafuta kazi nyingine. Tafadhali lilipata kazi upande wa pili wa mlango, kwa anayebisha.

Mabarazani kwetu kuna nadharia moja inayopendwa sana, nami lazima niitie mchanga. Husemwa kwamba i ya mwisho katika tafadhali ni ile ya kike, kwa kuwa Mwarabu humwambia mwanamume tafaddhal na mwanamke tafaddhali, kwa hiyo eti neno tulilipata kwa wanawake, au mabaharia waliwaambia wake zetu kwanza. Kisa cha bibi kinaonekana kama ushahidi, kwa sababu kweli yule baharia alimwambia kwa umbo la kike, na ndiyo maana sikio la bibi lilisikia Kiswahili kitupu. Lakini tazama majirani wa neno hili. Mal ikawa mali, asal ikawa asali, aql ikawa akili, halal ikawa halali. Hakuna mwanamke aliyeambiwa asali. Kiswahili hakipendi kufunga neno kwa konsonanti, na baada ya l mara nyingi hutia i. Ndugu yake tafadhali, yaani afadhali, limetoka afdhal, na umbo la kike la hilo ni fudhla, halina i yoyote ya kutuazima. I ni yetu wenyewe.

Na ukitaka kuona jinsi tulivyolimiliki, sikiliza mtu akiwaambia wengi. Mwarabu husema tafaddhalu. Sisi tunasema tafadhalini, kwa ile ni ya njooni na ketini. Neno lililopewa mkia wetu halikumbuki tena kwao.

Kisa cha bibi kilijirudia nyumbani kwetu miaka mingi baadaye, kikiwa kimegeuzwa nje ndani. Binti wa ndugu yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wiki ya kwanza, kiu imemshika, akaona atajaribu Kiarabu. Akamwendea mama mwenye nyumba kwa heshima zote, akasema, "Tafaddhali, maa," maana maji alijua ni maa. Yule mama akaangalia mikono ya msichana, mitupu. Akaangalia meza, hakuna gilasi. Akangoja. Alikuwa ameelezwa kwamba maji haya hapa, na maji hayaonekani. Mpwa wangu akarudia, mara hii kwa huzuni zaidi. Hatimaye mama akaelewa, akacheka, akamfundisha palepale: sema min fadhlik. Aliponisimulia kwa simu nilimwambia kwamba bibi yangu alikuwa na mkasa huohuo, ila yeye aliishia na halua.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaliangalii, na mimi naona ndilo lenye utamu zaidi. Tafadhali halikuvuka peke yake kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Fadhila nayo ilimfuata. Kwa Kiarabu fadhl ni sifa ya anayetoa: fulani ana fadhl juu yangu, yaani amenitangulia kwa wema. Kiswahili bado kinajua hivyo, tunasema fadhila zako sitazisahau, na anayetoa pesa za kujenga kisima tunamwita mfadhili. Lakini sikiliza mtu wa Mombasa akikasirika: "Mtoto huyu hana fadhila!" Hapo hamlaumu mtoto kwa kutotoa. Anamlaumu kwa kupokea kisha asikumbuke. Mtovu wa fadhila ni mtu aliyelelewa, akasomeshwa, kisha akapita mlangoni bila salamu. Sifa ya mtoaji imekuwa deni la mpokeaji. Na ule msemo wa fadhila za punda ni mateke unasimama papo hapo katikati: fadhila humo ni malipo yanayorudi, si wema unaokwenda.

Kwa hiyo maneno mawili ya mzizi mmoja yamehamia upande uleule wa mlango. Sidhani ni sadfa. Aliyeyapokea maneno haya aliyasikia akiwa upande wa anayepewa, na aliyafahamu kutoka pale aliposimama.

Afadhali nitaipitia haraka. Afdhal ni neno la sifa, lililo bora zaidi. Kwetu limeshuka cheo. Mgonjwa akiulizwa hali, akajibu "leo afadhali", hajasema yuko bora. Amesema jana ilikuwa mbaya zaidi.

Turudi kwa tafadhali, kwa kuwa safari yake haijaisha. Mtu wa bara akija Mombasa hulitumia kwa wingi, tafadhali nipe chumvi, tafadhali nipishe, na wenyeji humwona mpole sana, karibu mgonjwa. Sisi kwa chumvi twasema "nipe chumvi, mwanangu" au "hebu nisogezee", na adabu inakaa katika sauti na katika jina unalomwitia mwenzako. Tafadhali tumelitenga kwa mambo mazito: msiba, ombi la pesa, barua. Na ukutani. Uchochoro nyuma ya nyumba yetu una maandishi ya rangi nyekundu, TAFADHALI USIKOJOE HAPA, na hakuna anayesoma hapo ombi lolote.

Maana hiyo ya ukutani imeingia mdomoni. Juzi nilikuwa sokoni Makupa, mteja anashusha bei ya changu mara ya nne, mpaka imefika mahali pa matusi. Muuza samaki, mama wa makamo, hakugomba. Aliweka kisu chini, akafunika samaki kwa gunia, akamtazama yule bwana usoni.

"Baba," akasema, "tafadhali."

Yule bwana akaondoka.