Soko linabeba kampuni ngapi? Soma hii kabla hujagawanya

Wadogo zangu mnaoanza uchumi wa viwanda, na nyie mliopata kazi ya kuchambua masoko na bosi anataka ajue soko fulani lina nafasi za kampuni ngapi, leo nataka tukae na jambo moja tu, kiwango cha chini cha ufanisi. Maana yake ni kile kiasi kidogo kabisa cha uzalishaji ambacho kampuni ikikifikia, gharama ya wastani ya muda mrefu inakua imeshagusa chini. Ukizalisha pungufu ya hapo kila kipande kinakugharimu zaidi kuliko mwenzako aliyefika, kwa sababu zile gharama za kudumu (mitambo, utafiti, leseni) unazigawa kwa vipande vichache.

Fomula wanayofundishwa wengi ni kuchukua ukubwa wa soko, kugawanya kwa kiwango hicho, basi. Sio uongo, ila ukiitumia kichwa kichwa inakupa jibu la ovyo, na njia nzuri ya kuona kwanini ni kushika kalamu tuhesabu. Tuseme kila kampuni inatumia teknolojia ileile, C ni gharama yote, q ni uzalishaji wa kampuni moja, na wateja wote kwa pamoja wananunua Q kwa bei P:

```
C = 400 + 10q + q²
Q = 200 − 2P
```

Gharama ya wastani ni `400/q + 10 + q`. Ukitafuta q inayoifanya iwe ndogo kabisa unapata 20, na hapo kila kipande kinagharimu 50. Sasa soko lina ukubwa gani? Hapa ndo wengi wanateleza, wanachukua mauzo ya leo kwa bei ya leo. Kama leo kuna kampuni mbili zinazouza kwa bei ya 80, wateja wananunua 40 tu, ukigawanya kwa 20 unapata kampuni mbili, unaandika ripoti kwamba soko limeshajaa! Kumbe soko limebana kwa sababu bei iko juu. Q unayotakiwa kuisoma ni ile ya bei ya 50, yaani pale bei inapolingana na gharama ya chini kabisa, na hapo wateja wananunua 100. 100 gawanya kwa 20, kampuni tano.

Sasa angalia kinachotokea wakiingia wengi zaidi. Kampuni zikishindana kwelikweli kwa bei, bei inashuka mpaka ilingane na gharama ya kuongeza kipande kimoja, ambayo kwenye mfano wetu ni `10 + 2q`. Kampuni zikiwa nne, kila moja inazalisha 22.5, bei inatulia kwenye 55, gharama ya wastani ni kama 50.3, kwahiyo kuna faida na mtu wa nje anaiona. Anaingia wa tano, kila mmoja anazalisha 20, bei 50, gharama 50, hakuna faida ya ziada wala hasara. Anaingia wa sita: kila mmoja anabaki na 18, bei inaporomoka hadi 46, gharama inapanda kidogo hadi 50.2, na wote sita, sio yule mgeni peke yake, wanapoteza zaidi ya 4 kwa kila kipande. Hapo lazima mmoja atoke. Hakuna aliyeweka sheria kwamba wawe watano, ni umbo la gharama na mahitaji ya wateja ndo vimepanga hivyo.

Halafu kumbukeni kampuni haigawanyiki. Ukigawanya ukapata 5.7, usikadirie juu kuwa 6, ni tano, na hao watano wanabaki na faida kidogo ambayo haitoshi kumvuta wa sita. Kwenye soko la kampuni mamia hiyo desimali haina maana, ila ukipata 1.8 ndo kila kitu, kwa sababu unaongelea mtu mmoja kushika soko zima na mwingine kubaki nje.

Kitu kingine ambacho ningependa mkishike kuliko hata hiyo hesabu ya kugawanya ni mteremko. Kiwango kile kinakwambia chini ni wapi, hakikwambii anayebaki juu anaumia kiasi gani. Kwenye mfano wetu, kampuni inayozalisha nusu tu, yaani 10, gharama yake ni 60, asilimia 20 zaidi, haiwezi kupumua. Sasa chukua teknolojia nyingine:

```
C = 25 + 47.5q + q²/16
```

Hesabu mwenyewe: kiwango cha chini ni kilekile 20, gharama ya chini ni ileile 50, kwahiyo ile fomula inatoa kampuni tano vilevile. Lakini anayezalisha nusu gharama yake ni 50.6 tu, na akiwa na wateja wanaokubali kumlipa 51 kwa sababu bidhaa yake ina tofauti kidogo, au yuko karibu nao na usafirishaji ni ghali, anaishi bila shida. Kwahiyo kila mara uliza swali la pili: gharama inakuaje kwenye nusu ya kiwango? Kama inapanda sana, ile namba ni ukuta. Kama inapanda kiduchu, usije ukashangaa kukuta kampuni mara mbili ya ulizokadiria.

Mfano halisi wa ukuta ni ndege kubwa za abiria. Mwaka 1970 ziliruka kwa mara ya kwanza ndege mbili zinazofanana mno, DC-10 ya McDonnell Douglas na TriStar ya Lockheed, zote injini tatu, zote zikilenga mashirika yaleyale na safari zilezile. Kwenye ndege usihesabu uzalishaji wa mwaka, hesabu jumla ya ndege zote za toleo hilo tangu la kwanza mpaka la mwisho, kwa sababu gharama kubwa ni ya kuibuni na kuijaribu, unailipa kabla hujauza hata moja, na mafundi wanazidi kuunda haraka kadri wanavyorudia kazi, hivyo ndege ya 200 inakula saa chache za kazi kuliko ya 20. Mteremko mkali kabisa. Wateja wa daraja lile wangeweza kulisha mradi mmoja vizuri, wakagawanyika kwa miwili, halafu Airbus naye akaja na A300 yenye injini mbili. Lockheed ilitengeneza TriStar 250, ikala hasara ya mabilioni ya dola, mwaka 1981 ikatangaza inasitisha na haikurudi tena kwenye ndege za abiria. DC-10 za kiraia zilifika 386 na wala hazikuiacha McDonnell Douglas na nguvu, mwaka 1997 ikamezwa na Boeing. Na TriStar haikua ndege mbovu, wengi waliisifu kwa teknolojia yake. Ilikua ya pili kwenye soko la moja.

Kiwango chenyewe ukitakiwa kukikadiria kazini, njia ninayoanza nayo ni ile ya mchumi George Stigler ya 1958: panga kampuni kwa makundi ya ukubwa, angalia miaka inavyoenda kundi lipi sehemu yake ya soko inakua na lipi linasinyaa, ukubwa mdogo kabisa ambao hausinyai ndo kadirio lako. Ila chunguza kwanza kama kuna ruzuku au ushuru unaowabeba wadogo, maana hapo watakua wanaishi kwa sera na sio kwa gharama zao, na kadirio lako litatoka dogo kuliko hali halisi.