Mkono wa shati unaojikunja begani

"Mwanafunzi wangu anakata vizuri, lakini kila akiunga mkono wa shati, unajikunja begani. Nimfundisheje?"

Fundi mwenzangu, kabla ya kumlaumu kwa ushonaji, mwambie apime. Asimamishe futi kamba kwa ubavu wake na kuifuatisha kwenye mstari wa mshono, si kwenye ukingo wa kitambaa, kwa sababu ukingo wa mkono ni mrefu kuliko mshono wake, na ule wa kwapa ni mfupi kuliko mshono wake, hivyo vipimo vya ukingoni humdanganya.

Tuseme kwapa, mbele na nyuma pamoja, ni sentimita 50. Kwa shati la kawaida la pamba, mkono wa sentimita 51 unatosha. Akipata 53, kosa liko kwenye ukataji: arudi kwenye karatasi, ashushe kilele cha mkono kidogo kidogo huku akipima tena, maana kitambaa kilichofumwa kwa kubana hakitameza ziada hiyo hata ashone kwa upole namna gani.

Vipimo vikikubaliana, ndipo umwoneshe cherehani. Abane kwa pini kileleni, kisha kwenye ncha zote mbili, halafu katikati. Mkono ukae chini, kwapa juu, kwa kuwa meno ya cherehani huvuta zaidi kitambaa cha chini na kuisambaza ile sentimita moja. Wengi huweka kinyume (hata mimi nilifanya hivyo muda mrefu), na ziada yote husukumwa mwishoni, ikawa kunjo moja nene.