Mauzo milioni 89, pesa milioni 69: kujumlisha matawi bila kuhesabu mzigo mara mbili

Nilipoanza kutunza hesabu za mama mmoja mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, ripoti yangu ya kwanza ya mwezi ilisomeka vizuri sana. Kariakoo mauzo milioni 60, Mbagala milioni 19, Kibaha milioni 10. Nikajumlisha: milioni 89. Faida ghafi milioni 14. (Tarakimu nimezisawazisha ili zifuatike kirahisi.)

Mama hakuangalia faida. Alifungua kauntabuku lake, lile analoandika kila jioni pesa zilizoingia kutoka kila duka, taslimu na za simu, akapiga kikokotoo, akanigeuzia. "Mwanangu, mimi hapa nina milioni 69. Hizo ishirini ziko wapi?" Pale hatukuwa tunakopesha mteja yeyote, kwa hiyo sikuwa na la kusingizia.

Usiku ule niliweka karatasi ya Kariakoo na ya Mbagala mezani, moja kando ya nyingine. Kariakoo waliandika chini ya mauzo: saruji mifuko 300, Mbagala, milioni 4.5. Mbagala waliandika chini ya manunuzi: saruji mifuko 300, milioni 4.5. Mifuko ni ile ile. Kariakoo ndiyo inayonunua kwa wauzaji wa jumla kisha inagawia wenzake, na kijana wa stoo alikuwa akiandika kila kinachotoka mlangoni kuwa ni mauzo. Simlaumu, karatasi tuliyompa ilikuwa na safu mbili tu za kuandika, ya kununua na ya kuuza. Mwezi ule mizigo ya milioni 20 ilitoka kwenda kwenye matawi, na yote ilikaa ndani ya zile milioni 60. Wateja wa Kariakoo walikuwa wamenunua vitu vya milioni 40 tu.

Sasa jambo linalowapita wengi, na mimi lilinipita: faida ya milioni 14 ilikuwa sahihi. Mzigo ukihamishwa kwa bei ile ile ya kununulia, unakuza mauzo ya tawi moja na manunuzi ya tawi jingine kwa kiasi kile kile, na ukijumlisha vyote faida inabaki palepale. Ndiyo maana kosa hili linaweza kuishi miaka kwenye kampuni bila kushtukiwa. Linaloharibika ni kila hesabu inayotumia mauzo au manunuzi. Milioni 14 kwa mauzo ya milioni 89 ni kama asilimia 16, lakini kwa milioni 69 ni asilimia 20. Mama angeweza kupandisha bei akidhani faida anayopata kwenye mauzo ni ndogo mno, kumbe duka liko sawa.

Dawa si kukata milioni 20 kwa kalamu mwisho wa mwezi. Dawa ni kuzitenganisha tangu zinapoandikwa. Karatasi ya kila tawi sasa ina safu nne: alichonunua nje, alichouza kwa mteja, mzigo uliotoka kwenda tawi jingine, na mzigo ulioingia kutoka tawi jingine. Jumla ya kampuni inachukua zile mbili za kwanza peke yake. Hizi mbili za mwisho zinabaki kwenye hesabu ya tawi, maana Mbagala haiwezi kujua faida yake bila kuhesabu mzigo uliopewa, ila kwenye kampuni zinatakiwa zifutane.

Neno "zinatakiwa" ndilo lililonifundisha zaidi. Nilipozitenganisha, mzigo uliotoka ulikuwa milioni 20, ulioingia milioni 18. Mbagala ilipokea milioni 12 kama ilivyotumiwa, lakini Kibaha ilitumiwa milioni 8 ikaandika 6. Nikatoa 20 kwenye mauzo, nikatoa 18 kwenye manunuzi, na faida ikashuka ghafla kutoka 14 hadi 12. Nilidhani nimeharibu. Kumbe ni ndoo 40 za rangi, za lita 20, kila moja Sh 50,000. Zilipakiwa Kariakoo tarehe 30 jioni, zikashushwa Kibaha tarehe 1 asubuhi. Usiku wa kuhesabu stoo, Kariakoo hawakuwa nazo tena na Kibaha hawakuwa nazo bado. Zilikuwa kwenye gari, na hakuna aliyezihesabu.

Mzigo wa namna hiyo lazima uwe na mstari wake kwenye ripoti ya kampuni: mzigo ulioko njiani. Stoo zilizohesabiwa kwenye maduka zilifika milioni 44, ongeza 2 za njiani, mwisho wa mwezi ni 46. Stoo ya mwanzo 48, manunuzi halisi 53, toa 46: gharama ya vilivyouzwa ni 55. Mauzo 69 toa 55, faida 14. Imerudi mahali pake, safari hii ikiwa na maelezo.

Ili nisitafute ndoo usiku tena, kila mzigo unaohama una hati yenye namba, nakala tatu, na namba hiyo inaandikwa na anayetuma na anayepokea. Kwenye Excel nina safu B ya namba ya hati, C ya aina na E ya thamani, na orodha ya namba za hati iko safu H. Kila hati inapimwa hivi:

```
=SUMIFS(E:E,B:B,H2,C:C,"IMETOKA")-SUMIFS(E:E,B:B,H2,C:C,"IMEINGIA")
```

Jibu likiwa 0, hati imefungwa. Likiwa chanya, kuna mzigo haujafika, au umefika pungufu. Likiwa hasi, aliyepokea ameandika ambacho mtumaji hakuandika, na mara nyingi ni namba ya hati iliyokosewa. Usipime kwa jumla ya mwezi tu, kwa sababu makosa mawili yanayokinzana yanaweza kukupa sifuri safi kabisa.

Haya yote yanafaa mkihamisha kwa bei ya kununulia, nami nashauri mfanye hivyo. Kuna wenye maduka wanaoongeza asilimia 10 ili duka kuu nalo lionekane lina faida. Hapo faida ya kampuni haibaki salama. Mbagala wakibakiwa na stoo ya milioni 6.6 waliyoletewa kwa bei hiyo, ndani yake kuna Sh 600,000 ambazo hakuna mteja aliyezilipa. Zitoe kwenye stoo na kwenye faida. Na unagawanya kwa 1.1 kupata milioni 6, hupigi asilimia 10 ya 6.6, maana itakupa 660,000 na utakata kupita kiasi.

Ukaguzi wangu wa mwisho ni ripoti za Z za mashine za EFD. Mashine inatoa risiti kwa mteja, kwa hiyo jumla ya Z za matawi yote kwa mwezi inapaswa kulingana na mauzo niliyopata baada ya kutenga uhamisho. Ikizidi, naanza kwa kuuliza kama kuna aliyetolea risiti mzigo wa tawi.

Kilichobaki kunisumbua ni mapungufu ya njiani. Kariakoo wanatuma mifuko 300, Mbagala wanahesabu 296, minne imepasuka. Mwanzoni mpokeaji aliandika 300 ili hati ifungwe, na upungufu ukaja kujitokeza kwenye stoo yake mwisho wa mwezi akilaumiwa yeye. Sasa anaandika 296 alizoziona, anasaini yeye na dereva, na ile Sh 60,000 inabaki wazi kwenye hati hadi Mama mwenyewe aamue iandikwe hasara ya usafirishaji au ilipwe na mwenye gari.