Sauti mbili na ukanda unaofunika slaidi kwenye OBS

*Nafundisha fizikia mubashara nikiwa nyumbani Temeke. Nikiwa kwenye kamera sauti inasikika mara mbili, nikihamia slaidi inakuwa moja, na wakati wa mapumziko wanafunzi bado wananisikia. Halafu ukanda wa jina unafunika mistari ya chini ya slaidi. Nirekebishe wapi?*

Mwalimu, maiki yako imeingia OBS kupitia milango miwili. Mmoja ni wa jumla, uko `Settings > Audio`, na huo husikika kwenye kila sini, hata ya mapumziko. Mwingine ni ule ulioongeza mwenyewe kwenye sini ya kamera. Kuhakikisha, fungua sini hiyo, ongea, na utazame `Audio Mixer`: mistari miwili itacheza pamoja.

Ningeuziba ule wa jumla. Kwenye `Mic/Auxiliary Audio` chagua `Disabled`. Kisha, katika sini ya kamera, bofya kulia chanzo cha maiki, chagua `Copy`, nenda sini ya slaidi, chagua `Paste (Reference)`. Usikiunde upya, kwa sababu kipya huja bila vichujio na kiwango cha sauti ulichokwisha kupanga. Sini ya mapumziko usiiwekee maiki kabisa. Ukihamia huko sauti itakatika yenyewe, huna haja ya kukumbuka kubonyeza kitufe.

Kwa joto la Dar feni huwezi kuizima, basi mpe maiki kichujio cha `Noise Suppression`. Ukiongea kawaida, mstari ufike eneo la njano, kati ya -20 na -9 dB. Ukigusa nyekundu mara kwa mara, punguza.

Ukanda nao uundie sini yake, uiite `Ukanda`, kisha iongeze kama chanzo ndani ya sini nyingine, juu kabisa ya orodha, maana cha juu ndicho hufunika cha chini. Ukibadilisha mada ya somo unaandika mara moja tu.

Kuhusu kufunika, ipunguze slaidi. Tuseme turubai ni 1280 kwa 720 na ukanda una kimo cha pikseli 90: inabaki 630. Slaidi ya 16:9 yenye kimo hicho ina upana wa 1120. Ibofye, bonyeza `Ctrl+E`, andika 1120 na 630 kwenye `Size`, na sifuri mbili kwenye `Position`. Pembeni zitabaki pikseli 160, zinatosha nembo ya shule.

Kabla ya kipindi, rekodi dakika moja ukipita sini zote, usikilize kwa visikizi. Ukiwa hewani, sauti yako ikirudi baada ya sekunde kadhaa, hilo si suala la maiki mbili: umeacha ukurasa wa matangazo wazi kwenye kompyuta hiyohiyo, na `Desktop Audio` inaurudisha hewani. Nyamazisha ukurasa huo, ufuatilie matangazo kwa simu yenye visikizi.