Barua kwa mwanangu: hela ya majaribio ya bibi harusi

"Mama, shikamoo. Kuna bibi harusi wa Desemba, nimeshamtajia laki tatu na nusu ya siku ya harusi. Sasa anataka tufanye majaribio ya mekapu kwanza, na anauliza kama hela ya majaribio nitaikata kwenye ile ya harusi. Nimtoze ngapi? Na nimkatie au nisimkatie?"

Marahaba mwanangu. Nimekaa na daftari langu la zamani ndipo nikaanza kukuandikia, maana jambo hili lilinila hela miaka mingi kabla sijalielewa.

Anza na muda. Majaribio hayafanani na kumpamba mgeni wa harusi anayekaa kitini saa moja na kuondoka. Bibi harusi anakuja na picha kumi kwenye simu, na kila picha ina uso wa mtu mwingine. Unampaka faundesheni tatu kwenye taya, unamtoa mlangoni mzione kwa mwanga wa jua, unachagua moja. Unamaliza jicho, anasema ni zito, unafuta na kuanza upya. Unampiga picha kwa mwanga wa dirishani na kwa flashi, kwa sababu poda nyingine haionekani kwa macho lakini flashi ikipiga uso unatoka mweupe kama aliyemwagiwa unga. Akiondoka, una brashi za kuosha. Nilipohesabu kwa saa ya ukutani, yalikuwa masaa manne kamili.

Basi tufanye hesabu ya kwako. Kope, gundi, spanji, vijiti vya wanja na sehemu ya faundesheni, praima na poda, tuseme 18,000. Bodaboda ya kwenda na kurudi Kariakoo kutafuta rangi yake, 6,000. Kazi ya mikono yako kwa saa, 12,000, mara nne ni 48,000. Hapo ni 72,000, na bado kodi ya chumba na umeme. Kwa hiyo 80,000. Ukitoza chini ya hapo, ujue wewe ndiye unayemlipia.

Na usikubali majaribio siku ya kicheni pati yake wala ya sendofu. Wapo wanaoomba tarehe hiyohiyo makusudi, wapate mekapu ya shughuli kwa bei ya majaribio. Siku hiyo atakuwa na haraka, mashangazi wanapiga simu, hakuna wa kusema "tufute turudie". Ni shughuli, itoze bei ya shughuli. Majaribio yawe siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, wiki nne mpaka sita kabla ya harusi. Akae nayo mpaka jioni na joto la Dar, akutumie picha saa kumi na mbili. Hapo ndipo utajua kama praima yako inashika au pua imeanza kung'aa.

Sasa kukata. Mimi nilikuwa nakata yote. Nilidhani bibi harusi akijua hela yake itarudi hatakwenda kwa mwingine. Angalia na bei zako. Wamekuja kumi kwenye majaribio, kumi kwa 80,000 ni 800,000. Saba wamekupa harusi. Usipokata, saba kwa 350,000 ni 2,450,000, jumla 3,250,000. Ukikata yote, kila harusi inabaki 270,000, saba zinatoa 1,890,000, jumla 2,690,000. Umeacha 560,000 mezani. Ili kuzirudisha, ingebidi wale kumi wote wakupe harusi, tena ufanye kazi ya Jumamosi tatu zaidi. Sijawahi kuona kukata kukileta harusi hizo. Aliyependa uso wake kwenye kioo anarudi, na ambaye hakuupenda hatarudi kwa ajili ya 80,000.

Lakini sisemi usikate kabisa. Kuna kitu majaribio yanakuokolea kweli, nacho ni asubuhi ya harusi. Bibi harusi ambaye hujawahi kumgusa, unatafuta rangi yake huku gari limeshafika nje. Yule wa majaribio una kadi yake: namba ya faundesheni, aina ya kope, gundi iliyomkubali, lipstiki, na hatua ulizofuata. Mimi ilinipunguzia kama dakika arobaini na tano, na hizo zinatosha kumpamba mama yake. Hiyo ndiyo unaweza kumrudishia. Weka bei ya harusi 380,000 kwa asiyefanya majaribio, na kwa aliyefanya kwako punguza 30,000. Atalipa 350,000, hesabu yako inabaki palepale 3,250,000, na hujamdanganya mtu, kwa sababu yule asiyefanya majaribio anakuchukulia muda zaidi kweli.

Punguzo hilo liwe na mwisho. Alipe advansi ndani ya siku saba baada ya majaribio, zikipita limekwisha. Na likatwe kwenye salio la mwisho, lisiguse advansi. Advansi ndiyo inayokulinda akighairi. Ukimwambia alete laki moja halafu ukatoe 30,000 humo, umebaki na 70,000 mkononi na Jumamosi ya Desemba umeifunga.

Hili la tarehe nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja, mwezi wa Shaabani, harusi zikiwa zimejazana kabla ya Ramadhani, binti mmoja alifanya majaribio, akalipa, akaondoka kwa furaha. Wiki tatu kimya. Akaja mwingine na advansi ya Jumamosi ileile, nikampa. Yule wa kwanza aliponipigia kuuliza nitafika saa ngapi, nilikaa chini. Alidhani kwa kuwa hela yake "itakatwa kwenye harusi", basi tarehe imeshikwa. Na mimi ndiye niliyemtamkia neno hilo, sikuwahi kumwambia kwamba majaribio hayashiki tarehe. Nilimtafutia mpambaji mwingine na nikamrudishia hela yake yote, lakini mama yake hakunisalimia tena.

Kwa huyu wa Desemba, umeshamtajia 350,000, usimpandishie. Wala usimkatie, maana bei hiyo tayari ni ya aliyefanya majaribio. Bei mpya ianze na wanaokuja. Akikuomba sana, badala ya kupunguza hela mwongezee kitu kidogo kisichokula muda, kama lipstiki yake kwenye kikopo kidogo abaki nayo ukumbini ya kujirekebisha.

Mtumie ujumbe kabla hajaja, usimwambie kwa mdomo tu:

"Majaribio ni 80,000, yanalipwa siku hiyo na hayarudishwi. Harusi ni 350,000, haipungui kwa majaribio. Majaribio hayashiki tarehe. Tarehe inashikwa kwa advansi ya 100,000, na salio la 250,000 linalipwa siku tatu kabla ya harusi."

Akijibu amekubali, mpangie siku. Na mwulize mapema kama ngozi yake imewahi kukataa gundi ya kope. Akisema ndiyo, apite siku mbili kabla ya majaribio umpake tone nyuma ya sikio, bure, ni dakika tano.

Nijulishe alichojibu.

Mama yako